Ukoko mweupe kwenye birika la umeme: kuutoa kwa siki au ndimu ya unga, na kama kweli unadhuru

Watu wengi wanaoniletea birika lenye ukoko kibandani kwangu hapa Mbeya huuliza swali moja kabla hata sijalifungua: "Fundi, huu weupe si ndio unaoleta mawe ya figo?" Wengine wameshaacha kulitumia birika, wanachemshia sufuria ya mkaa kwa hofu hiyo. Wachache sana huuliza jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, yaani kama maji ya birika hilo huwa yamechemka kweli linapojizima. Nitaanza na la figo, kisha nije kwenye la kuchemka, ndipo tulisafishe birika.

Ule weupe ni nini

Mvua ikinyesha na maji yakazama ardhini, hubeba hewa ya kaboni kutoka kwenye udongo na kuwa na ukali kidogo. Ukali huo hulamba mawe ya chokaa, na maji yakatoka yamebeba kalisi iliyoyeyuka ambayo huioni kwa macho. Ukiyachemsha, hewa ile hutoka, kalisi haiwezi tena kubaki imeyeyuka, inashika kwenye chuma kilicho moto zaidi. Kwenye birika la umeme chuma hicho ni ile sahani ya chini.

Kwetu kuna mahali ambapo kazi hii inaonekana kwa ukubwa wake. Pale Songwe, chemchemi za maji moto zimejenga miamba mizima ya chokaa kwa namna hiyohiyo, maji yakitoka chini na kupoteza hewa yake, na kiwanda cha saruji kikawekwa huko kwa ajili ya chokaa hiyo. Haishangazi basi kwamba birika la mtu anayetumia kisima cha upande huo linajaa ukoko upesi. Maji ya vijito vya milimani, yanayoshuka haraka bila kukaa sana ardhini, kwa kawaida ni laini, na birika linalotumia maji hayo linaweza kukaa muda mrefu bila kuonyesha kitu. Ishara ya nyumbani ni sabuni: ikikataa kutoa povu, ujue birika lako litaota ukoko.

Je, unadhuru?

Ukoko wenyewe haudhuru. Sehemu yake kubwa ni kalisi kaboneti, kitu kilekile kinachowekwa kwenye vidonge vingi vya kutafuna vya kiungulia. Kipande kikidondoka kwenye chai ukakimeza, asidi ya tumboni inakiyeyusha. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo chochote cha kiafya kwa ugumu wa maji, na maji magumu yanachangia sehemu ya kalisi ambayo mwili unaihitaji.

Kuhusu figo, hofu inaeleweka, kwa kuwa mawe mengi ya figo yana kalisi ndani yake. Lakini mengi ya hayo ni kalisi iliyoungana na oksalati, na kalisi unayokula au kunywa pamoja na chakula huikamata oksalati hiyo tumboni na kutoka nayo chooni kabla haijafika kwenye figo. Kinachochangia mawe kwa watu wengi ni kunywa maji machache, mkojo ukawa mzito. Mtu anayeacha kunywa maji ya kutosha kwa kuogopa weupe wa birika anajisogeza kwenye jambo analolikimbia. Mwenye mawe tayari, au ambaye figo zake ni dhaifu, afuate maelekezo ya daktari wake.

Kuna mpaka mmoja hapa. Nimesema ukoko haudhuru. Sijasema maji yenye ukoko ni salama kwa kila kitu. Floridi, nitrati na risasi haziondoki kwa kuchemsha, na ukoko hauwezi kukwambia kama zimo au hazimo. Hilo hujulikana kwa kupima maji maabara.

Madhara yaliko

Ndani ya birika kuna vitu viwili vinavyoweza kukata umeme. Kimoja ni swichi ya mvuke: maji yakichemka, mvuke hupita kwenye tundu dogo, unakifikia kibati cha metali mbili, kinajikunja na kubonyeza swichi. Cha pili ni kinga ya joto iliyo chini ya sahani, kazi yake ni kukata umeme pale birika linapowashwa bila maji na sahani ikapata moto kupita kiasi.

Ukoko ukiwa mzito, joto linapata shida kupita kutoka kwenye sahani kwenda kwenye maji. Sahani inapata moto kana kwamba birika ni tupu, na kinga ya joto inakata mapema. Unasikia "tak", unamimina, unaamini yamechemka. Pengine yamefika joto la kuunguza mdomo tu, na pengine hayakufika hata hapo. Kwa nyumba inayochemsha maji ya kunywa ili kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, hapa ndipo hatari ilipo.

Huku nyanda za juu maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni karibu nyuzi 94. Usiogope hilo, maana vijidudu vya kuhara hufa chini ya hapo, na swichi ya mvuke inafuata mvuke, kwa hiyo inafanya kazi vizuri hata huku. Jambo la kuangalia ni kama maji yalibubujika kwa nguvu, juu mpaka chini, kabla ya birika kujizima. Liangalie linapochemka: mvuke mwingi unatoka mdomoni na birika linatikisika kidogo. Kama limejizima huku mvuke ni mwembamba, maji hayo hayajachemka.

Watu huongeza kwamba ukoko unakula umeme wa LUKU. Unakula, ila kidogo kuliko inavyosemwa, kwa sababu joto la sahani hatimaye linaingia kwenye maji, halina mahali pengi pa kwenda. Kinachoumia ni koili yenyewe, inayofanya kazi kwenye joto kubwa kuliko ilivyokusudiwa na kuungua kabla ya wakati wake.

Kwanza hakikisha ni ukoko wa chokaa

Mimina maji yote, acha birika likauke, dondoshea matone machache ya siki juu ya weupe. Ukiona vipovu vidogo vinapanda, ni chokaa, na maelezo yanayofuata yanakuhusu.

Usipoona vipovu, angalia rangi. Tope la kahawia linalofutika kwa kidole ni udongo ulioingia kwenye mabomba wakati wa mvua, sifongo inatosha. Madoa mekundu yaliyoganda ni kutu ya chuma kutoka kisimani au kwenye bomba la zamani. Haya yanasikia ndimu ya unga kuliko siki, kwa kuwa ndimu hulikamata chuma na kulitoa, ila hayatoi vipovu. Madoa ya rangirangi kama mafuta juu ya maji si ukoko wala uchafu wenye madhara, ni tabaka jembamba tu juu ya stenlesi. Na kama kuna kitu cha kijivu, kigumu kama kioo, kisichojali siki hata kidogo, huenda ni silika. Huo asidi za jikoni haziuwezi, usipoteze chupa zako.

Siki au ndimu ya unga?

Zote mbili zinafanya kazi. Siki ya dukani, ile ambayo lebo yake imeandikwa asilimia 5 au karibu na hapo, inayeyusha ukoko taratibu, na kinachobaki kinayeyuka kabisa kwenye maji. Kasoro yake ni harufu, ambayo hushika plastiki ya kifuniko. Chagua siki nyeupe. Usikubali kupimiwa asidi kali ya viwandani kwenye chupa isiyo na lebo, hata kama muuzaji anaiita siki, kwa sababu hiyo inaunguza ngozi na mapafu.

Ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, utaipata kwa wauza viungo na kwenye maduka ya vifaa vya keki. Haina harufu na inafanya kazi haraka, ndiyo ninayoipenda. Lakini ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui. Inapoyeyusha chokaa inatengeneza chumvi iitwayo kalisi sitreti, na chumvi hiyo haipendi kuyeyuka, hasa kwenye maji ya moto sana. Ukiichemsha ndimu kwa nguvu kwenye birika lenye ukoko mzito, au ukaiacha usiku kucha, asubuhi unakuta unga mweupe mpya umelala chini, na unadhani ndimu haikufanya kitu. Kwa hiyo ndimu inataka maji ya uvuguvugu mkali na muda mfupi, kisha unamwaga na kurudia kwa ndimu mpya.

Malimao ya sokoni yanafaa kwa ukoko mwembamba: kamua matatu au manne, chuja mbegu na nyama, changanya na nusu lita ya maji. Kwa ukoko mzito utakamua hadi uchoke.

Kazi yenyewe, kwa birika moja

Mama mmoja mwenye mgahawa njia ya Songwe aliniletea birika la lita 1.7 akisema linajizima mapema na chai haikolei. Alikuwa amekwisha kulikwangua kwa kisu sehemu moja. Nilimwomba tu, "Mama, kisu tukiweke kando," naye akajibu, "Sawa mwanangu, nionyeshe." Tukaanza na hesabu, maana bila hesabu mtu huweka kijiko kimoja na kukata tamaa.

Sahani ya chini ilikuwa na upana wa sentimita 12, yaani eneo la kama sentimita za mraba 113. Ukoko ulikuwa na unene wa milimita moja hivi. Hiyo ni sentimita za ujazo 11, na kwa kuwa ukoko una vitundu na uzito wake ni kama gramu 2 kwa kila sentimita ya ujazo, tulikuwa na takriban gramu 22 za chokaa. Nusu lita ya siki ya asilimia 5 inaweza kuyeyusha gramu 21 ikiisha nguvu yote, na gramu 30 za ndimu ya unga kama gramu 23. Kwa vitendo haziishi nguvu zote, kadiri zinavyochoka zinafanya kazi polepole. Kwa hiyo kwa birika lile nilijua mapema kuwa tutakwenda mizunguko miwili. Ukoko wa rangi tu, unaoonekana kama vumbi, kijiko kimoja cha chakula na mzunguko mmoja vinatosha.

Chomoa birika kwenye kitako chake. Kama lina chujio mdomoni, litoe uliweke kwenye kikombe chenye maji ya moto na kijiko cha chai cha ndimu, liloweke peke yake.

Chemsha nusu lita ya maji safi humo birikani, lizime, litoe kwenye kitako, ongeza nusu lita ya maji ya baridi. Kwa maji ya huku yanayochemka kwenye nyuzi 94, mchanganyiko unaangukia karibu na nyuzi 57, ambalo ni joto zuri kabisa kwa kazi hii. Sasa ndipo uweke ndimu, vijiko viwili vya chakula vya kusawazisha, gramu 25 hadi 30, kidogo kidogo. Asidi iingie baada ya umeme kuzimwa na isichemshwe. Hewa inayotoka hupandisha povu, na povu likipanda mpaka kwenye swichi au kumwagikia kitako, umelisafisha birika na kuliua siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyohiyo usilijaze birika mpaka juu.

Kwa anayetumia siki, utaratibu ni uleule: chemsha nusu lita ya maji, zima, mimina nusu lita ya siki. Fungua dirisha, usiinamishe uso juu yake.

Acha ndimu dakika 20 hadi 30, siki dakika 45 hadi saa nzima. Sikiliza: mwanzoni utasikia mchirizo kama wa soda iliyofunguliwa. Ukinyamaza kuna maana mbili, ama ukoko umekwisha ama asidi imechoka. Mwaga maji, uangalie kwa tochi. Birika la mama yule lilikuwa limebaki na visiwa vya ukoko katikati, pale joto linapokuwa kubwa. Tukarudia kwa maji na ndimu mpya kwa kipimo kilekile. Mara ya pili mchirizo ulirudi, uthibitisho kwamba ile ya kwanza ilikuwa imechoka na chokaa bado ipo. Baada ya nusu saa mabaki yalikuwa laini, yakatoka kwa sifongo.

Ukikuta unga laini umetulia chini, unaosogea kwa kidole, hiyo ni ile kalisi sitreti. Ifute kwa sifongo na suuza. Ukoko halisi ni mgumu na unashika.

Maji yaliyotumika mwaga kwenye sinki au chooni. Lakini kama choo au sinki limetoka kumwagiwa Jik, subiri kwanza ulisuuze kwa maji mengi. Asidi ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu. Wala usijaribu kulisafisha birika kwa maji ya betri au asidi ya kusafishia vigae. Zinatafuna stenlesi, na hutajua ni lini zimetoka zote.

Kusuuza, hatua inayorukwa

Suuza mara mbili kwa maji safi ukizungusha hadi kwenye mdomo. Kisha jaza, chemsha, mwaga. Rudia tena. Harufu ya siki inaweza kutaka mara ya tatu.

Kuchemsha na kumwaga huku si kwa ajili ya ladha tu. Chuma kilichovuliwa ukoko ghafla kwa asidi huachia nikeli zaidi katika maji ya mwanzo, hasa mabirika ya zamani ambayo koili yake inaonekana ndani ya maji na imepakwa nikeli. Kwa watu wengi ni kiasi kisicho na uzito, ila mwenye mzio wa nikeli, yule ambaye hereni za bei rahisi humwasha, maji hayo ya kwanza asiyanywe. Ndiyo maana pia sishauri kukwangua kwa kisu au steelwuli. Mikwaruzo huwa mahali pa kutu kuanzia, na ukoko mpya hushika hapo kwanza. Pale mama alipokwangua, doa la kahawia lilikuwa limeshaanza.

Haya yote ni kwa stenlesi na kioo. Birika au sufuria ya alumini usiiloweke kwenye siki wala ndimu, maana asidi inaitafuna.

Kupunguza ukoko usirudi

Mwaga maji yaliyobaki kila jioni na liache wazi likauke. Maji yanayolala na kuchemshwa tena na tena yanaongeza tabaka juu ya tabaka. Chemsha unachohitaji. Anayetumia kisima kigumu, na ana bati safi na pipa lenye mfuniko, atumie maji ya mvua kwa birika wakati wa masika baada ya kuacha mvua za kwanza zioshe bati. Hayana chokaa, na yakichemka vizuri yanafaa kwa chai. Usisubiri ukoko ufike milimita. Ukiona sahani imepoteza mng'ao, kijiko kimoja na dakika 20 vinamaliza kazi.

Baada ya kusafisha, lipime birika: weka lita moja, liwashe, simama hapo. Likibubujika kwa nguvu ndipo lijizime, limepona. La mama yule lilifanya hivyo. Likijizima mapema wakati sahani inang'aa, basi tatizo ni swichi au kinga yenyewe, na likiendelea kuchemka bila kujizima, angalia kama kifuniko kinafunga sawasawa na kama tundu la mvuke halijaziba. Hayo ni ya kufungua birika kwa bisibisi, mpelekee fundi, na maji ya kunywa yachemshie sufuria hadi birika lirudi.